Kifuniko cha Sufuria

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumshauri jambo jiandae kuchoka. Tangu afiwe na mumewe analala peke yake nyuma ya chumba cha kushonea, na usingizi haumjii mpaka asikie mbwa akihema karibu na kitanda. Ila kuchagua mbwa, hajui.

Wa kwanza alimpenda kwa sababu aliwakanyaga ndugu zake wote kumfikia. Akakua, akamrarua mteja suruali. Wa pili alimchukua kwa huruma, kitoto kilichojikunyata pembeni. Huyo alishinda chini ya cherehani akitetemeka, na mteja alipoinama kuokota kifungo, akang'atwa mkono. Wote wakapelekwa shambani kwa jamaa. Mama mwenye nyumba akasema, "Fundi, nakuheshimu. Ila mwingine akiuma, mbwa basi hapa kwangu."

Kwa hiyo tulipokwenda kwa seremala, ambaye mbwa wake alikuwa na watoto wa wiki nane, nilimwambia, "Shangazi, leo tunatazama tu."

"Wewe na mdomo wako," akasema, akakaa juu ya ubao.

Tulianza na mama yao. Alitunusa viatu, akajilaza, watoto tukawashika bila yeye kunguruma. Tukawakagua mmoja mmoja: macho yasiyo na tongotongo, pua bila makamasi, fizi za rangi ya waridi, tumbo lisilovimba kwa minyoo, nyuma pasafi. Jeuri mmoja alikuwa keshaning'inia kwenye pindo la gauni la shangazi. Mwingine alijibanza nyuma ya mbao.

"Maskini, yule pale," shangazi akaanza.

"Shangazi."

Ili kuwapima, seremala akadondosha kifuniko cha sufuria sakafuni, mbali nao kidogo. Jeuri akakivamia kwa meno. Yule wa nyuma ya mbao hakuonekana tena. Katoto ka kahawia, ambako hatukuwa tumekatupia jicho, kakaruka nyuma, masikio chini, kakasimama. Halafu kakarudi, shingo mbele, miguu ya nyuma bado inasita, mpaka kakakinusa kifuniko na kukilamba.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini mwili ulinisisimka. Kiumbe kinachoenea viganjani kimeogopa, kikatulia, kikaenda kujionea chenyewe. Wangapi kati yetu tunaweza? Shangazi akakalaza chali mapajani. Kakafurukuta kidogo, kakalegea, kakamtazama usoni, na yeye akakakuna tumbo.

Kesho yake tukarudi kuhakikisha, maana mtoto aliyeshiba au mwenye usingizi hukupa picha ya uongo. Kalikuwa kalekale. Tukakachukua.

Mama mwenye nyumba alifika wiki hiyohiyo, uso umekunjwa. Mlangoni funguo zikamponyoka, zikagonga sakafu kwa kishindo. Katoto kakaruka nyuma. Shangazi akashika meza ya cherehani. Kakatulia, kakasogea, kakanusa funguo, kisha mkono wa mama aliyeinama kuziokota.

Mama mwenye nyumba hakuuondoa mkono. Alibaki amechuchumaa mlangoni.

"Fundi," akasema polepole, "huyu anaitwa nani?"