Nusu ya Kushoto

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Temeke, nimetoka chuoni, bado mwembamba na mwepesi wa hasira. Serikali ilikuwa imenisomesha, kwa hiyo serikali ilinipanga, na pale iliponipanga ndipo nilipokaa. Asubuhi mstarini tuliimba nyimbo za kujitegemea kwa Kiswahili kizuri cha kuchemsha damu. Kengele ikilia tunaingia darasani kufundishana kwa Kiingereza ambacho nusu ya darasa hawakijui na nusu nyingine wanajifanya wanakijua. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, lakini nami niliimba na kuingia kama wenzangu.

Katika kidato cha nne kulikuwa na binti mmoja ambaye baba yake alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini, aliyehamia mjini na familia nzima. Binti alikuwa na macho makali na maswali mengi. Alitaka uuguzi, na chuo cha uuguzi kilitaka mtu aliyefaulu baiolojia. Akishindwa, njia yake ilijulikana. Siku hizo kijana asiye na kazi wala shule hakukaa mjini, alirudishwa kijijini akashike jembe, na baba yake alikwishamwambia kwamba kwa mjomba wake kule kusini kuna nafasi. Alinieleza haya bila kulia, kama mtu anayekuambia saa.

Mtihani wa majaribio ulipokuja, swali moja liliuliza kwa nini kipande cha kiazi kikiwekwa kwenye maji yenye chumvi nyingi hulegea na kupungua urefu. Yeye aliandika kwamba maji yaliyokuwa ndani ya seli za kiazi yametoka kufuata chumvi iliyo nje, kwa sababu utando wa seli huruhusu maji kupita lakini huizuia chumvi. Seli zikipoteza maji hazijai tena, basi kiazi kinakuwa teketeke. Jibu zima, halina doa. Tatizo ni kwamba aliliandika kwa Kiswahili. Mkuu wa shule alikuwa ametoa agizo kwamba jibu la Kiswahili lisihesabiwe, kwa kuwa mtihani wa taifa nao hautalihesabu. Niliweka sifuri, na kalamu nusura itoboe karatasi.

Alikuja na karatasi yake mkononi, akanipa shikamoo, kisha akauliza amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea.

"Basi mwalimu, mbona sifuri?"

Nilijibu kitu kuhusu lugha ya mtihani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikajionea aibu mwenyewe.

Ndipo nikatengeneza zile noti. Nilichukua stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia, nikapiga mstari wima katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika maelezo kwa Kiswahili, kwa mifano ya nyumbani: kachumbari ukiitia chumvi inavyotoa maji, maharage makavu ukiyaloweka yanavyovimba. Kulia, sambamba na kila maelezo, niliweka Kiingereza kilekile ambacho wasahihishaji hukitafuta, neno kwa neno, bila kupunguza wala kupamba: "Osmosis is the movement of water molecules from a dilute solution to a concentrated solution through a semi-permeable membrane." Chini kabisa niliweka yale maneno ya kuulizia maswali, maana wengi walikuwa wanaangukia hapo kabla hata ya kufika kwenye baiolojia. "State", taja tu, usieleze. "Distinguish", onyesha tofauti, usieleze kimoja ukaacha kingine. "Account for", toa sababu. Namna ya kuzitumia ilikuwa moja: soma kushoto mpaka uelewe, kisha funika kushoto kwa rula useme kulia, kisha funika kulia uandike.

Mkuu wa shule hakuzipenda. Alikuwa mzee mwema, aliyesoma kwa taabu enzi za mkoloni, na Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi kama suruali yake. Alisema wazazi wataona tunawarudisha watoto darasa la saba. Nikamwomba anipe muhula mmoja. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba karatasi zisizidi zile nilizopangiwa, kwa kuwa karatasi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Niliizungusha mashine ya kurudufu mwenyewe, mkono ukiniuma, wino hadi kwenye viwiko.

Zilifanya kazi. Baada ya wiki chache darasa lilianza kujibu, na binti wa mchonga vinyago alikuwa mbele yao wote. Nikawa natembea kichwa juu. Nilikuwa nimesahau kwamba hakuna anayekushukuru kwa kumpa zaidi ya alichokuja kuchukua.

Jumamosi moja nilipita Buguruni kutafuta sukari, sikuipata, nikanunua karanga ili nisirudi mikono mitupu. Nilipofika nusu ya karanga nikaona mwandiko wangu. Ile koni ya karatasi niliyofungiwa karanga ilikuwa imesokotwa kwa noti zangu. Nikaikunjua pale pale njiani, karanga zikamwagika. Kachumbari yangu ilikuwa imelowa mafuta, maharage yangu yana chumvi. Nikageuza karatasi kutafuta Kiingereza, hakipo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, sawasawa kwenye mstari nilioupiga mimi. Nikamrudia muuzaji. Akaniambia bila wasiwasi kwamba analetewa na wanafunzi, anawapa karanga, na kwamba karatasi hiyo ni nzuri kwa sababu ni nene na nyuma ni nyeupe. Aliniuliza kama ninazo nyingine.

Jumatatu niliingia darasani nikiwa nafoka. Nilitaka kila mtu atoe noti zake mezani. Wakatoa, na mbele yangu zikajipanga nusu za kulia, nyembamba, safi, zimekunjwa vizuri zienee kwenye mfuko wa shati. Nikauliza nani aliyeanza. Binti wa mchonga vinyago akasimama, hakutafuta kujificha.

"Ni mie, mwalimu. Huku kulia ndiko kwenye maksi. Kule kushoto nilishaandika, nikapata sifuri."

Darasa zima likanitazama. Ningemwambia nini, na sifuri ile niliiandika kwa mkono wangu? Nikawaambia wakae, nikageukia ubao nikaanza kufuta kitu ambacho tayari kilikuwa kimefutwa.

Nilijaribu kuwaonyesha. Nikawapa swali ambalo halikuwa kwenye noti: mkulima amemwaga mbolea nyingi ya chumvichumvi kwenye mchicha, kesho yake umenyauka ingawa udongo una maji. "Account for this." Karibu wote waliniandikia ile sentensi ya kulia, haina kosa hata la nukta, na hakuna hata mmoja wao aliyetaja mchicha. Yule binti naye hivyo hivyo. Nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa Kiswahili mchicha umenyauka kwa nini. Akanieleza vizuri, akatabasamu, kwamba udongo umekuwa na chumvi kuliko mizizi, basi maji yanatoka kwenye mizizi badala ya kuingia. Nikamuuliza mbona hakuandika hivyo.

Akasema kwa Kiingereza hayo hajayaona popote, na asichokiona popote haandiki, kwa sababu akikosea ndiyo basi tena. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka napata joto usoni.

"Mwalimu, unataka nielewe au unataka nifaulu?"

Nilikuwa na hotuba nzima ya kumpa. Nilimwangalia, nikamwona yuko shambani kwa mjomba wake, nikaiacha hotuba.

"Faulu," nikamwambia.

Habari za karanga zilimfikia mkuu wa shule, kama zinavyofika. Hakunigombeza. Aliniita ofisini, akanipa kiti, akasema kwa upole kwamba wanafunzi wenyewe wameamua. "Ndugu mwalimu, karatasi hakuna. Tuchapishe kile wanachokitumia." Ningeweza kubishana naye, ningeweza kubishana na wizara, lakini ningebishana vipi na darasa langu lenyewe? Nilitoka pale nikiwa nimebanwa kila upande, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwendea. Toka wiki ile stensili zangu hazikuwa na mstari katikati. Kwa kuwa nafasi ilibaki, niliongeza Kiingereza.

Binti alifaulu. Tulipoambiwa matokeo alinirukia shingoni mbele ya walimu wote, na nililia, sikujali. Baba yake alikuja shuleni na kinyago cha mpingo amekifunga kwenye kanga. Alitoa shukrani zake kwa maneno machache, akaondoka haraka, kwa sababu alikuwa hajazoea ofisi. Binti akaenda chuo cha uuguzi. Mkuu wa shule alinipongeza mstarini kwa noti zangu za Kiingereza.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili mchana, binti alinitembelea chumbani kwangu nilikopanga. Alikuwa amependeza, na nilidhani amekuja kunisalimia. Alikunywa chai, akakizungusha kikombe mkononi, akaanza polepole. Kule wodini wanawatundikia wagonjwa chupa za maji yenye chumvi kidogo, iliyopimwa. Mkufunzi wao amewaonya kwamba maji matupu yasiingizwe kwenye mshipa kabisa, kisha akamwuliza yeye, mbele ya wenzake, kwa nini. Yeye akasimama akasema ile sentensi yote, kuanzia "Osmosis is" mpaka "membrane". Mkufunzi akatikisa kichwa kukubali, akasema sawa, sasa mgonjwa atapatwa na nini? Akabaki amesimama.

"Sikujua, mwalimu. Na kitandani kulikuwa na mtu."

Akaniomba ile nusu ya kushoto. Nikamwambia sinayo, hakuna aliyenayo, zote ziliisha. Basi akatoa daftari, akapiga mstari katikati, akajaza upande wa kulia kwa kichwa bila kusimama, kisha akanisubiri. Nikamwambia afikirie damu kama alivyofikiria maharage kwenye sufuria. Chembe za damu zina chumvi yake ndani. Ukizizungushia maji matupu, maji yataingia, zitavimba, na kwa kuwa hazina ganda gumu kama la mmea wa kuzizuia, zitapasuka. Aliandika kwa kasi, ulimi umetoka kidogo kama mtoto. Alipofika kwenye kupasuka akaacha kuandika, akaweka kalamu chini, akashika kifua chake.

"Kumbe ndiyo hivyo," akasema. "Kumbe nilikuwa ninajua."

Tulikaa mpaka jua likapungua. Alinieleza anachokiogopa wodini, nami nikamweleza kila nilichokikumbuka, kwa lugha tuliyozaliwa nayo, na hakuna aliyetuzuia. Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Jumatatu nilirudi darasani kwa kidato cha nne kipya, nikawagawia noti za Kiingereza kitupu, wakazikunja wakazitia mfukoni.