Mguu wa Kushoto wa Mzazi

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopelekwa Karagwe, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Nilitoka Muleba, nimesomea uuguzi na ukunga kwa wamisionari, na Kinyambo changu, lugha ya huko, kilikuwa na lafudhi ya Kihaya iliyowachekesha watu. Dresa, yaani mganga msaidizi aliyekuwa mkubwa wangu pale, hakucheka. Alinichukia tangu siku niliposhusha mzigo wangu. Alikuwa ameiendesha zahanati ile peke yake kwa miaka mingi, na sasa aliletewa msichana mwenye cheti.

Asubuhi ninayoieleza tulipata miguu miwili iliyovimba.

Wa kwanza ulikuwa wa mchungaji wa ng'ombe aliyetoka kwenye mbuga za malisho. Alikuwa akitetemeka kwa homa. Siku mbili kabla alichomwa na mwiba juu ya kifundo cha mguu, na tundu lake lilikuwa bado linaonekana, lina usaha kidogo. Kuanzia hapo ngozi ilikuwa imevimba, imeiva, inang'aa, nyekundu iliyoelekea weusi, na ukipitisha kidole ulijua kabisa moto unaishia wapi. Mstari mwembamba ulipanda upande wa ndani wa paja, na kwenye kinena palikuwa na tezi iliyouma. Dresa alisema ni uchafu ulioingia chini ya ngozi, naye alisema kweli. Akamchoma penisilini, akauzungushia wekundu ule mstari wa wino ili kesho tuone kama umevuka, na akamwamuru alale pale pale. "Ungengoja siku mbili nyingine," alimwambia, "sumu ingeingia kwenye damu, tukuzike." Alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Siwezi kumnyima hilo.

Mwenye mguu wa pili aliletwa saa nne. Alikuwa mama kijana aliyejifungua siku tisa zilizopita, baada ya uchungu wa siku mbili. Mumewe alimbeba mgongoni, na mama mkwe alitangulia amekumbatia mtoto mchanga. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba tangu kwenye kifundo hadi pajani. Ulikuwa na joto na ngozi imewamba kama ya ngoma.

Dresa aliutazama akiwa mlangoni. "Ule ule," akasema. "Penisilini, aende nyumbani, mguu ukandwe na maji ya moto."

"Mimi namkanda kwa samli tangu juzi," mama mkwe alijibu kwa fahari, akampa mwanawe yule mtoto mchanga, akapiga magoti na kuanza kuminya shavu la mguu kwa vidole gumba vyote viwili. Yule mama kijana aliuma khanga.

Nilimshika yule mzee mikono. "Acha! Usimkande!"

Nilikuwa nimemkaripia mwanamke wa umri wa bibi yangu, mbele ya mwanawe, na kumshika kama mwizi.

"Huyu ni mtoto wa nani?" alimuuliza dresa, si mimi. "Wahaya huko kwao hawafundishwi adabu?"

"Nisamehe, mama," nikasema, lakini mikono yake sikuiachia. Nikamgeukia mgonjwa. Nilitafuta kidonda, hata mkwaruzo. Nilitazama katikati ya vidole vya miguu na chini ya kisigino. Hapakuwa na kitu. Tezi za kinena hazikuvimba. Joto la mwili lilikuwa limepanda kidogo tu. Wekundu haukuwa na mpaka. Mguu wote ulikuwa na rangi moja iliyofifia, na mishipa ilikuwa imejitokeza juu ya ngozi. Nilipobonyeza shavu la mguu polepole, maumivu yalitoka ndani kabisa, nyuma ya nyama, wala si kwenye ngozi. Nilichukua utepe wa kupimia nguo, nikapima vidole kumi chini ya goti, miguu yote miwili. Wa kushoto ulizidi kwa karibu inchi mbili.

"Damu imeganda ndani ya mshipa," nikamwambia dresa kwa sauti ya chini. "Amezaa juzijuzi tu, amelazwa bila kutembea. Donge likikatika linakwenda mapafuni. Inabidi aende hospitali ya misheni leo, akiwa amelala."

"Unaona ndani ya mshipa?"

"Sioni."

"Basi nyamaza. Apigwe sindano. Kesho kutwa tutaona."

"Kama nimekosea, atakuwa amepata safari ya bure. Kama wewe umekosea, kesho kutwa hayupo."

Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake. "Ukimtoa hapa, nitaandika kwamba umeniasi. Na akifa njiani, ni wewe."

Nilimtazama mume. Mama mkwe alimwambia, "Twende nyumbani," naye akamtazama mkewe, aliyekuwa ameshika paja lake analia bila sauti. Kisha akatoka kwenda kukata miti ya machela.

Tuliondoka saa sita, mume na majirani watatu wamebeba machela, mimi kando, mama mkwe nyuma na mtoto. Tulipita kati ya migomba na mibuni, na njia nzima alinitukana kwa Kinyambo, kwa sauti ya kutosha wapita njia kusikia. Kwamba mimi ni tasa. Kwamba nimekuja kujifunzia kwenye miili ya watu wengine. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Tulipopanda kilima cha mwisho mgonjwa alikohoa, kisha akashika ubavu. "Kinanichoma nikivuta pumzi," alisema. Midomo ilikauka, na alihema kama aliyekimbia. Wabebaji walisimama.

"Umemuua!" mama mkwe alipiga kelele. "Umemtikisa mpaka umemuua!" Alinipiga kofi la shavu, nikaona giza.

"Msimtue," niliwaambia wanaume. "Twendeni." Nilimwinua kichwa kwa shuka iliyokunjwa, nikashika mkono wake mpaka kwenye geti la hospitali.

Daktari alikuwa Mzungu mfupi asiyependa maneno. Alisikiliza kifua, akaupima mguu kama nilivyoupima, akaniuliza habari ya uzazi. "Kwa macho peke yake siwezi kuapa," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Miguu hii hudanganya hata madaktari. Lakini kungoja hakutufai." Alikuwa na chupa chache za dawa ya kuzuia damu isigande, na alianza sindano pale pale. Alinieleza kwamba dawa ile haiyeyushi donge. Inalizuia tu lisikue na lisizae mengine wakati mwili unalimaliza wenyewe. Kipande kilichofika pafuni kilikuwa kidogo. Kikubwa kilikuwa bado kimeshika mguuni. Kama mgonjwa angekandwa jioni ile kwa maji ya moto, daktari alisema, asingefika asubuhi.

Alilala hospitali wiki nyingi, akapona. Mguu haukurudi kuwa sawa na mwenzake. Kila jioni ulivimba. Mchungaji naye alipona kwa penisilini ya dresa, wekundu ukarudi ndani ya mstari wa wino siku ya tatu.

Dresa aliandika barua aliyoahidi. Haikusema kwamba mgonjwa yu hai. Ilisema nilitoka kazini bila ruhusa, na baada ya miezi mitatu nilihamishwa.

Kabla sijaondoka nilikutana na mama mkwe gulioni, amemfunga mjukuu wake mgongoni, kanona. Niliinama. "Shikamoo, mama."

Alitazama mkungu wa ndizi uliokuwa miguuni kwangu, akamuuliza muuzaji bei, akapita.