Cha Leo Kilianzaje

Aliyenijibu alikuwa mama mkwe wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, mwanamke kijana, mkulima wa Madaba, aliinamisha kichwa kwenye benchi la kituo chetu cha afya na kumwachia mkubwa wake aseme, kama heshima inavyotaka.

“Shikamoo, mama. Kichwa kilimwanza lini?”

“Marahaba, mwanangu. Hicho ni cha siku zote. Akikosa usingizi tu, anacho.”

Nikauliza kinauma wapi na kinakaa muda gani. Upande mmoja, akasema, kutwa nzima, na jua likiwaka kinazidi. Maumivu ya upande mmoja, ya saa nyingi, yanayochochewa na mwanga au kukosa usingizi, mara nyingi ni kipandauso. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikaandika dawa ya maumivu.

Wakiwa mlangoni, mgonjwa akageuka. “Daktari, cha leo si hicho. Nilikuwa najitwisha ndoo, kikapasuka kisogoni ghafla, kama nimepigwa shoka.”

“Ndoo ya maji tu!” mama mkwe akacheka. “Sisi tulibeba magunia.”

Mimi sikucheka. Maumivu yanayofikia ukali wake wote papo hapo huenda ni mshipa unaovuja damu kichwani. Nilimlaza, nikaomba gari la wagonjwa. Alifariki njiani kuelekea Songea.

Hadi leo, mgonjwa akiletwa na mkubwa wake, bado namsalimu mkubwa kwanza. Kisha nachuchumaa mbele ya mgonjwa na kumuuliza taratibu: “Na wewe, dada, cha leo kilianzaje?” Halafu nasubiri, hata akikawia.