Sauti Alizozifuta Mama

Enzi zile safu yetu nzima pale soko la Kadutu tulikuwa tunatumia jibii. Aliyeileta ni jirani yangu wa meza, mama muuza viatu, mwanamke asiyeweza kuona kitu kipya akakiacha kipite. Akaiweka kwenye simu yake, siku ya pili akanirushia mimi kwa bluetooth, na kabla wiki haijaisha wauza nyanya nao walikuwa nayo. Ilikuwa watsapu, lakini si ile watsapu yenyewe. Watu fulani, sijui wa wapi, walikuwa wameichukua, wakaifungua, wakaipaka rangi wanazotaka na kuiongezea ujanja. Haikupatikana kwenye duka la simu. Ilipita kwa mikono ya watu, mmoja hadi mwingine, kama umbea.

Na ilikuwa tamu, sisemi uongo. Yangu niliipaka zambarau. Ungeweza kusoma ujumbe wa mteja bila yeye kuona kwamba umesoma, ukajifanya uko kanisani. Lakini utamu wenyewe ulikuwa huu: mtu akikutumia kitu halafu akakifuta, kwako kilibaki. Kiliwekewa alama ndogo tu pembeni, kuonyesha kwamba mwenyewe amejuta. Mimi ninauza bikwembe, vitenge vya kushona, na wateja wa bikwembe ni watu wa kujuta. Anakwambia amependa ile ya maua ya bluu, mara anafuta, anaandika kwamba ataona. Mimi nilikuwa naiweka ya bluu juu ya meza, akipita anashangaa jinsi ninavyomjua. Mimi na jirani yangu tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Hata hivyo si wateja walionifanya niipende jibii. Ni mama yangu.

Mama aliishi Lwiro, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, karibu na shamba la maharagwe ambalo hakutaka kusikia habari ya kulipunguza. Kaka yangu alikuwa amemnunulia simu ya kugusa. Mama hakujua kuandika, basi alituma sauti. Alifundishwa mambo mawili tu: kubonyeza kipaza sauti na kusema, na kubonyeza ujumbe kwa muda, kisha kuchagua kufuta kwa wote. Hilo la pili alilishika haraka kuliko la kwanza.

Tangu mwanzo sauti zake zilikuja mbili mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Ndani yake ungesikia kuku, na mlango, na mama akianza kwa Kimashi kisha kuhamia Kiswahili, akieleza kwamba goti linamsumbua, au kwamba ana hamu ya sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, maana wanaofika huko juu wanafika wamechoka. Muda mfupi tu, ile alama ya kufutwa inatokea. Halafu inakuja ya pili, fupi, yenye sauti ya watu wa misa: "Mutoto yangu, tuko bien. Hakuna shida. Salimia watu ya nyumba."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa wanawake wa rika la mama yangu, binti akishaolewa, kumwomba kitu ni kunyoosha mkono kwa mukwe. Mama angelala njaa kabla ya kusema mbele ya mume wangu kwamba anataka chumvi. Basi alisema, akaona haya, akafuta. Na mimi, kwa sababu ya jibii, nilikuwa nasikia yote mawili, haja na haya yake.

Jumamosi ikifika nilipanda gari la Kavumu, nikashuka, nikachukua pikipiki mpaka kwake. Nikatoa sambaza kwenye kikapu kama mtu aliyewakuta njiani tu. "Nilipita kando ya ziwa, maman, nikaona ni bazuri." Mama alisema "Aksanti" bila kunitazama sana. Goti likimuuma, nilikuja na dawa ya kupaka, nikasema jirani alinipa, nami sina haja nayo. Nilijiona mjanja kuliko mabinti wote wa Kivu. Leo nikikumbuka zile Jumamosi, ukungu kwenye migomba, mama akichambua sombe, majani ya muhogo, huku anajifanya hakutegemea mgeni, moyo unanijaa. Sikujua kwamba nilikuwa na raha. Nilidhani niko safarini tu, na matope kwenye viatu.

Siku ilipofika, haikubisha hodi. Nilifungua simu asubuhi mezani, na badala ya zambarau yangu nikakuta maandishi na saa inayohesabu kurudi nyuma. Namba yangu imefungiwa kwa muda, kwa kuwa ninatumia programu isiyo rasmi. Nihamie ile rasmi, la sivyo naweza kuipoteza namba moja kwa moja. Nikainua kichwa, nikamkuta jirani yangu naye ameinama juu ya simu yake, na wa nyanya wamesimama. Wenye watsapu walikuwa wametufagia safu nzima.

"Banatufunga kama bezi," jirani yangu akasema. "Tuliiba nini?"

"Uliiba weye, ukatugawia," mmoja wa wale wa nyanya akamjibu, na hapo ugomvi ukaanza, wa aina ile ambayo sokoni haimzuii mtu kuuza.

Jirani yangu alikataa kushindwa. Mtu alimtumia jibii nyingine, mpya, iliyosifiwa kwamba haifungiwi kamwe. Saa yake ilipoisha akaingia nayo. Siku chache baadaye akafungiwa tena, na safari hii hapakuwa na saa ya kuhesabu. Alibonyeza mahali pa kuomba waangalie upya, akangoja, jibu likaja kwamba wameangalia na uamuzi ni uleule. Akanunua namba nyingine, na wateja wake wa Uvira walimtafuta kwenye ile ya zamani mpaka wakachoka.

Mimi niliogopa. Namba yangu iko kwenye vichwa vya watu, na ndiyo pekee ambayo mama alijua kuipata, kwa sababu ilikuwa na picha yangu. Nikasoma maelezo ya wenyewe pole pole, na mume wangu akinitafsiria Kifaransa kilipokuwa kigumu. Nilingoja saa iishe. Nikaingia kwenye mafaili ya simu, nikatafuta folda ya jibii, nikaibadilisha jina iwe jina la ile rasmi, kwa sababu humo ndimo akiba ya mazungumzo inamokaa. Ndipo nikaitoa jibii, nikapakua watsapu ya kweli kwenye duka la simu, nikaandika namba yangu, nikapokea namba za kuthibitisha kwa sms. Maelezo yalikuwa yamesema wazi kwamba hawaahidi mazungumzo yatarudi. Na kweli hayakurudi. Akiba haikuonekana. Nilifunguliwa nyumba nyeupe, tupu, isiyo na hata kiti kimoja.

Sauti zenyewe zilikuwepo lakini. Zilibaki kwenye ile folda, mafaili yasiyo na jina la mtu, tarehe tu, na ukiligusa moja linapigwa kama muziki. Nililia kidogo nilipomsikia mama kati ya wateja, akiulizia sambaza. Nikazihamisha zote kwenye kadi ya kumbukumbu, nikajiambia nimeokoka.

Wiki iliyofuata sauti ya mama ikaja. Nilikuwa napima kikwembe kwa mteja, na niliposhika simu nikakuta mstari mmoja: ujumbe huu umefutwa. Chini yake, ya pili: "Tuko bien. Hakuna shida." Nikaitafuta ile ya kwanza kwa mazoea, kisha nikakumbuka haibaki tena. Ilitokea hivyo mara kadhaa. Nilimpigia, akasema yuko bien. Mauzo yalikuwa mazuri kipindi kile, na nikajiachia kuamini ile ya pili, kwani hiyo tu ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilipokwenda hatimaye, alinipokea kwa adabu. Hilo lilinitisha. Akanipa kiti kile cha wageni.

"Simu yako ilikufa?" akauliza.

"Hapana, maman."

"Basi njo ulichoka."

Nikauliza nimechoka nini. Akaendelea kuchambua maharagwe, akasema baba alifanyiwa misa Jumapili iliyopita. Padri alikuwa amepata nafasi ghafla. "Nilikuambia. Nilikuambia mara mbili. Nikaacha place kando yangu ku banc ya kanisa, watu banataka kuikala, niko nabakatalia."

Sikuelewa. Nilimwambia sikusikia habari ya misa hata moja. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Haukusikia? Si nilikuwa nafuta, na weye unasikia?"

Nikahisi uso unanichoma. Nikamuuliza alijuaje.

"Nilisema nataka sambaza, nikafuta. Samedi ikafika, sambaza. Nikasema goti, nikafuta. Samedi, dawa. Nikasema miye, ngoja nimupime huyu. Nikasema nataka uzi ya nyeusi na sindano ya kushonea gunia. Nikafuta. Ukaleta, eti uliiona njiani." Akatikisa kichwa. "Nani anaona sindano ya gunia njiani akamukumbuka mama yake?"

Nikacheka na machozi pamoja, na yeye akacheka, lakini kidogo. Muda wote ule nilidhani ninamchungulia, kumbe alikuwa ameniachia dirisha wazi. Kwake kufuta kulikuwa njia ya kuomba bila kuwa ameomba. Nikamweleza habari ya jibii, ya kufungiwa, ya ile rasmi ambamo kilichofutwa kimefutwa kwa wote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa nikifuta, inapotea kabisa."

"Inapotea, maman. Sasa lazima uniambie."

Akanyanyuka kwenda kuangalia moto, na nilijua nimemtaka kitu kigumu kuliko kupanda ule mlima wa shamba lake. Sokoni, jirani yangu wa viatu alinishawishi nirudi jibii. Alikuwa ameshapata nyingine tena, na alisema mtu akikuonea haya bora umsikilize kwa siri. Nilitamani. Lakini namba ikifungiwa kabisa, mama angebaki anasema na picha.

Kwa muda sauti zake zilikuwa za pili tupu, fupi, za watu wa misa. Kisha Alhamisi moja, meza imejaa watu, simu ikalia, nikaona ni yeye na kwamba ni ndefu. Nikaacha mteja ameshika ncha ya kikwembe. Sikuigusa. Nilisubiri ifutwe, kwa kuwa nilimjua. Haikufutwa. Nikaiweka sikioni, nikasikia kuku, na mlango, na pumzi yake, na kimya kirefu ambacho zamani angekifuta.

"Mutoto yangu," akasema. "Kuya huku kwangu. Niko naogopa kulala peke yangu siku hizi. Niko nakuomba."

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, mama wa watoto wakubwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama yangu kuniomba kitu.