Huruma ya Mama Felicitas

Umma unatangaziwa, kwa huzuni inayostahili, kwamba siku ya Ijumaa, katika ukumbi mmoja wa kukodi huko Tegeta, mwalimu mstaafu Felicitas alipimwa na kukutwa na huruma iliyozidi kiwango. Alipewa hadi Jumatatu kupona.

Ugonjwa uligunduliwa kwa fomu. Mradi wa utafiti ulikuwa unafunza waangalizi watano, wakakae nyuma ndani ya madarasa ya shule za msingi na kutia tiki: Ndiyo au Hapana, vipengele ishirini. Kila mmoja alitazama video ileile ya somo, akajaza kimya bila kuchungulia kwa jirani, kisha fomu zikalinganishwa na majibu ya rejea yaliyokubaliwa na wataalamu. Ukifanana nayo kwenye vipengele kumi na sita au zaidi, unaenda shuleni. Chini ya hapo, unakwenda kwenu.

Felicitas alipata kumi na mbili.

"Mama, shikamoo tena," alisema Revelian, mkufunzi, kijana mwenye adabu ya kukera. "Umekosa nane. Saba kati ya hizo umeweka Ndiyo pasipo na Ndiyo."

"Marahaba. Zipi hizo?"

"Kipengele cha tisa. Mwalimu amemwita mwanafunzi kwa jina. Wapi?"

"Yule mtoto wa sweta. Alimwambia 'wewe'."

"'Wewe' ni jina?"

"Jina lake analijua, mwanangu. Mie nimefundisha miaka thelathini na nne, mwalimu anayejua jina namtambua kwa macho."

"Bibi anatoa tiki za sadaka!" alidakia Praygod, mwangalizi mwenzake, na ukumbi ukacheka. Munira, dada wa mtandio wa kijani, alimnong'oneza: "Mama, Jumatatu kaa na mie. Tutafanana tu."

Revelian alisikia. "Mkinakiliana mtafanana, ndiyo, lakini mtakuwa mmekosea wawili. Mama, andika ulichokiona. Usiandike unachokijua, wala unachokitamani. Mwalimu akipewa tiki na wewe na kunyimwa na Praygod kwa somo lilelile, sisi hatujapima somo. Tumewapima nyie."

Waliotaka kujua kwa nini bibi mwenye pensheni anahangaikia tiki wangemfuata hadi nyumbani. Nyumba yake iko upande wa Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, vyumba vitatu, viwili vimefungwa. Vumbi la saruji hutua juu ya kochi na hakuna anayelikalia likafutika. Wanawe wawili wako mbali na wana shughuli, kama watoto wa watu wote. Mwangalizi wa darasa haruhusiwi kuongea, wala kutabasamu, wala kumsaidia mtoto kalamu ikimdondoka. Hata hivyo, ni kukaa na watu arobaini na tano wanaopumua.

Jumamosi asubuhi aliketi mezani na fomu tupu ajizoeze. Video hakuwa nayo. Aliyekuwepo ni yeye, basi akajiangalia mwenyewe.

Muuza maziwa alipiga hodi: "Mama, nusu au moja?" Jirani alipita kando ya ukuta: "Bibi, habari!" na jibu likamkuta kashafika kona. Saa kumi jioni mwanawe mmoja alituma kwenye simu picha ya maua yenye maandishi ya baraka, ileile iliyotumwa kwa ukoo mzima.

Alishika kalamu. Kipengele cha tisa: ameitwa kwa jina. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye Ndiyo. Si wanamjua wote? Ukasimama. Hapana. Kipengele cha kumi na moja: ameulizwa swali na kusubiriwa angalau sekunde tatu ajibu. Alimkumbuka jirani, akahesabu moja, na kona. Hapana. Kipengele cha kumi na nne: ameelezwa alichofanya vizuri. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu kuliko sekunde tatu. Hapana.

Jumapili alirudia, baada ya misa. Fomu zilifanana.

Jumatatu walitazama video mpya. Mtoto wa dawati la mwisho alinyoosha mkono mpaka akaushikilia kwa mkono wa pili. Mwalimu alimpita mara mbili, uso umejaa wema. Felicitas akaweka Hapana. Munira, kando yake, alisukuma fomu yake kidogo kushoto aione. Felicitas akatazama ukuta.

Kumi na nane kati ya ishirini. Zaidi ya wote.

"Haki ya Mungu, Bibi kapona!" Praygod alipiga makofi.

Revelian alisimama kama anayetunuku shahada. "Wenzangu, hiki ndicho tunachokitafuta. Kila wiki mtaingia darasani wawili wawili, kila mtu ajaze fomu yake peke yake, tuone nani anaanza kupotoka. Nataka wote muwe kama Mama Felicitas. Mama, tuambie, siku mbili tu! Umejifunzia wapi?"

"Nyumbani," alisema Felicitas. "Hakuna kelele."