Mama Nukta

Wateja wa kibanda chake cha kutengeneza simu walimwita Mama Nukta, na walidhani ni utani.

"Mama Nukta, intaneti imegoma tangu niweke laini mpya. Na hata salamu hunipi?"

"Salamu baadaye. Kupiga unapiga?"

"Napiga vizuri tu."

"Basi ni APN. Kaa hapo."

APN ni jina la mlango wa kampuni ambao simu hupitia kwenda kwenye intaneti. Simu nyingi hulipata zenyewe. Zikikosa, mtu huliandika kwa mkono. Majina hayo ya kampuni zote Mama Nukta alikuwa nayo kichwani. Zamani alikuwa akijaza, anahifadhi, anagusa kiduara kando ya jina ili nukta ya kulichagua iingie, anarudisha simu huku akipiga soga. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Hayo yalikuwa kabla ya wodi namba nne.

Mama yake alilazwa humo, sauti imeshakatika, macho tu yamebaki. Tangu alfajiri yalikuwa mlangoni. Yeye, dada mtu, alijua yanamtafuta nani: kitinda mimba, aliyeko ng'ambo mwaka wa sita. Laini ya dada mtu haikushika mle wodini, akakimbia getini kununua ya kampuni nyingine, akaweka na bando. Minara ikajaa. Intaneti, hakuna. Akampigia mdogo wake simu ya kawaida.

"Dada, mwekee sikioni basi."

"Anataka kukuona, baba. Nipe dakika mbili."

Akaingia kwenye mipangilio, akafungua APN mpya, akaandika jina, akahifadhi. Kimya. Akazima data, akawasha. Kimya. Akazima simu nzima, akangoja iwake, mkono mmoja umeshika vidole vya mama vinavyopoa.

"Mama, anakuja. Yuko njiani."

Akarudi tena kwenye orodha. APN aliyoiandika ilikuwepo, sahihi kabisa. Lakini nukta ilikuwa bado kwenye ile ya juu yake, ambayo simu ilijiwekea yenyewe na haikufaa kitu. Alihifadhi, hakuichagua. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akagusa kiduara, nukta ikahamia, na ujumbe ukaanza kumiminika.

Akampigia ya video. Mdogo wake alipotokea kwenye kioo, ameoga, amevaa shati jipya, macho ya mama yalikuwa wazi bado. Muuguzi ndiye aliyeyafumba.

"Dada, mbona kama amelala?"

Dada mtu akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka.

Mdogo wake hakumlaumu hata siku moja. Kanisani waliambiwa Mungu hupanga saa, naye dada mtu aliitikia amina kama wengine. Lakini tangu siku hiyo hakuna simu iliyotoka kibandani kabla hajamwonyesha mteja kile kiduara.

"Umeiona nukta?"

"Nimeiona, Mama Nukta, mpaka nitaiota!"

Mteja akacheka. Yeye akafuta kioo kwa kanga, akampa simu yake, akamwita anayefuata.