Mkunga Aliyeandikiwa Asije

Ofisini walimwita Bi Nukta, kwa kuwa sentensi zake zilikuwa fupi na alizifunga kama mtu anayefunga mlango. Alikuwa afisa utumishi wa shirika lililopeleka kliniki ya gari kwa wajawazito wanaokaa mbali na hospitali. Kati ya kasoro zote za wanadamu alizokutana nazo mezani pale, hakuna aliyoidharau kama maneno yaliyovishwa koti. Mwizi, alikuwa akisema, angalau anajua kwamba kaiba. Mtu wa maneno ya koti akishakuumiza anasubiri umshukuru.

Na mkurugenzi wake alikuwa bingwa wa makoti hayo. Moyoni Bi Nukta alimwita Puto: mkubwa, anang'aa, na ndani upepo mtupu.

Wafadhili walipotangaza kwamba wamekata fedha za kliniki, Puto alijifungia ofisini asubuhi nzima, akatoka na ujumbe wa kupelekewa mkunga waliyemwajiri wiki chache nyuma. Alijisifu kwamba ameuandika kwa hekima. Bi Nukta akausoma amesimama.

"Kufuatia mapitio ya kimkakati, tunasitisha kwa sasa mchakato wa kukupokea. Tunaamini safari yetu pamoja ndiyo kwanza inaanza."

"Safari ipi, bosi?" aliuliza. "Gari lenyewe linarudishwa kwa wenyewe."

"Lugha laini, mama. Tusimvunje moyo."

"Huyu ameshasaini barua yetu. Notisi ameshampa matroni wake wa hospitalini. Akisoma hivi atakaa kutusubiri, na huko nyuma nafasi yake itapewa mwingine."

Puto akasema kukiri mambo mengi kwenye maandishi ni kujitia kitanzi. Bi Nukta alikuwa ameshampigia mwanasheria wa shirika, kwa kuwa alimjua bosi wake kama anavyojua viatu vyake. Mwanasheria alisema ukweli kuhusu fedha hauna ubaya. Ubaya ni kujifanya hapakuwa na mkataba, au kuahidi kisichokuwepo. Puto akatazama saa, akatazama dari, kisha akasema basi aandike atakavyo, mradi jina la chini liwe la kwake Bi Nukta. Hata woga wake ulikuwa wa bei rahisi.

Bi Nukta alianza na simu. Habari ya namna hii haitupwi kwenye barua pepe kama taka dirishani. Mkunga alipokea akiwa wodini, sauti ya mtoto mchanga ikisikika nyuma yake. Bi Nukta akamwambia kwanza akae, kisha akamwambia yote bila kupindisha.

"Pole zako weka, dada," mkunga alisema. "Niandikie. Sasa hivi, kabla matroni hajamchukua mtu."

Bi Nukta akaandika:

"Dada mpendwa, tunaondoa nafasi ya kazi tuliyokupa na ambayo uliikubali. Fedha za kliniki ya gari zimekatwa na wafadhili, na kazi uliyokuwa uje kuifanya haipo tena. Hukukosea popote, tulikuchagua kwa kuwa ulikuwa bora, na hilo halijabadilika. Hatuna nafasi nyingine, na hatutaki usubiri. Tunajua ulitoa notisi kwa kututegemea sisi, na tunajuta kwa usumbufu huo. Ukiruhusu, nitazungumza na matroni wako leo nimweleze kwamba kosa si lako. Haki zako za kisheria ziko palepale. Hatukuombi usaini chochote. Namba yangu ni ileile, na simu nitapokea mwenyewe."

Mkunga aliruhusu. Matroni, mwanamke mkavu kama mti wa nguzo, alimsikiliza Bi Nukta mpaka mwisho, akasema mashirika haya ni kama vuvuzela, kelele kubwa na shimo katikati. Bi Nukta hakumbishia. Notisi ilifutwa, ila zamu ya mchana ilikuwa imeshagawiwa, na mkunga akarudishwa zamu ya usiku, ileile aliyokuwa ameikimbia.

Kesho yake jibu lake likaja. "Nimerudi wodi. Sikushukuru. Lakini umenisemesha kama mtu mzima."

Bi Nukta alilisoma na kuona ni haki. Hakutaka shukrani, na angemdharau kidogo kama angezitoa.

Kwenye kikao cha wiki, Puto alisimama mbele ya wafanyakazi akawaeleza jinsi uongozi ulivyoshughulikia jambo la mkunga kwa uwazi na utu. Akasoma kipande cha barua kwa sauti nzito, mkono kifuani. Wachache wakapiga makofi.

Bi Nukta alimtazama kama unavyotazama inzi aliyetua kwenye maziwa na kudhani kayakama yeye. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama uongozi ungependa pia kumpigia mkunga simu kumsomea hotuba hiyo.

Puto akahamia ajenda iliyofuata.